Pedi za jeli, mguu wa kushoto unakufa ganzi: tatizo ni pedi au mikanda?

Fundi_Gungu
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi marumaru, nipo Kigoma mjini. Kazi niliyonayo sasa ni gesti moja upande wa Kibirizi, ghorofa mbili, vigae vya sitini kwa sitini vyumba vyote na korido. Tunaingia saa moja asubuhi tunatoka saa kumi na mbili jioni, na mwenye nyumba anataka kufungua mwisho wa mwezi, kwa hiyo hata Jumapili tunapiga.

Miaka minne nimepigia magoti vipande vya godoro nilivyofunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Safari hii nikasema nijipende. Nikaagiza pedi za jeli kutoka Kariakoo, elfu 38 pamoja na nauli ya basi. Uso wake ni mpira laini, ndani kuna jeli juu ya sponji, mikanda miwili yenye klipu. Wiki ya kwanza nilikuwa nawacheka wenzangu.

Wiki ya pili mambo yamegeuka. Ikifika saa nne asubuhi mguu wa kushoto unaanza kuchomachoma juu ya unyayo, kuelekea dole gumba. Saa nane mchana ni kama mguu wa mtu mwingine. Nikivua pedi, baada ya robo saa unarudi. Na kitu cha pili, mchana goti linaanza kuisikia sakafu, kama vile pedi haipo.

Nihamie zile ngumu za plastiki, au hizi zangu ni feki?

Ngoja_Waje
Natandika mkeka hapa. Mafundi pitieni.

Mkali_wa_Grauti
Mkuu hiyo ni damu haipiti, basi. Umekaza sana. Legeza mikanda yote miwili, utaona. Na jeli achana nayo, hiyo ni ya watu wa bustani. Chukua ngumu, zile zenye kombe la plastiki. Mimi zangu zina mwaka wa pili, nimetambaa nazo kwenye jamvi la zege mpaka mchoro wa mbele umefutika na bado zinadunda.

Boda_Mwandiga
Kaka mimi ninazo za pikipiki, ngumu kabisa, zinafunika mpaka ugoko. Nimeanguka nazo mara mbili sijachubuka. Nakuuzia elfu 20.

Fundi_Gungu
@Mkali_wa_Grauti nikilegeza zinashuka. Nikisimama kwenda kuchanganya gundi, narudi nikiwa nimevaa pedi kwenye vifundo vya miguu kama mcheza ngoma. Ndiyo maana nakaza.

@Boda_Mwandiga ahsante kaka, ila mimi sianguki, napiga magoti tu 😂

Mzee_Pimamaji
Vijana salama? Mimi niko Tabora, Isevya, kazi hii naifanya tangu vigae vikubwa kuliko vyote vilikuwa ishirini kwa ishirini.

Kwanza za pikipiki tuziweke pembeni. Zile zimetengenezwa zipokee kishindo kimoja, kombe linagonga chini linateleza, ngozi yako inapona. Ndani hazina kitu cha kukubeba saa nzima. Ukizipigia magoti unabaki juu ya kombe la mviringo linaloyumba huku na huku, na paja linafanya kazi ya kukuzuia usipinduke.

Sasa Gungu, kabla hujanunua kitu kingine nijibu mambo matatu. Klipu ya mkanda wa chini inakaa upande gani wa mguu, ndani au nje? Ganzi iko juu ya unyayo au chini yake, kule kunakogusa kiatu? Halafu chukua rula. Asubuhi kabla hujavaa, pima unene wa pedi pembeni, kisha upime katikati, pale goti linapoingia. Usikadirie kwa macho.

Fundi_Gungu
Shikamoo mzee. Nimepima leo asubuhi kabla ya kazi. Kulia: pembeni milimita 24, katikati 15. Kushoto: pembeni 24, katikati 11. Nimebonyeza kwa dole gumba katikati ya ile ya kushoto nikiwa nimeiweka juu ya kigae, nakisikia kigae kabisa. Jeli imekimbilia pembeni, imefanya kama ukingo wa bakuli.

Klipu iko nje, chini kidogo ya goti. Nikigusa hapo kuna kinundu cha mfupa, klipu imekaa juu yake kabisa. Ganzi iko juu ya unyayo na pembeni ya ugoko kwa nje. Chini ya unyayo niko sawa.

Mzee_Pimamaji
Marahaba. Basi una magonjwa mawili, na umeyafunga pamoja ukayaita moja.

La pedi nalimaliza haraka. Pedi inayolala usiku mzima na asubuhi katikati bado ni 11 haitaamka tena. Pedi nzuri jioni inakuwa imebonyea, asubuhi umeikuta imerudi. Jeli ya bei yetu hii ni kidonge chembamba juu ya sponji, na ikipata joto la saa nane mchana inazidi kuwa laini, inakimbia kule ambako hakuna uzito. Dukani ni tamu kwa sababu unaipigia magoti dakika moja. Kuijua unatakiwa uipigie magoti muda mrefu, tena juu ya kitu. Mimi naweka spesa ya kigae sakafuni, napiga magoti juu yake naendelea na mazungumzo na mwenye duka. Dakika tano zikipita na sijui spesa iko wapi, nalipa. Nikiijua iko wapi, naondoka.

Kwa nini kushoto imekufa zaidi ya kulia? Kwa sababu unashika mwiko mkono wa kulia na unaegemea kushoto. Badilisha pedi kila siku, ya kushoto ivae kulia, kama mikanda inaruhusu.

Suala la mikanda nangoja kuna dada mmoja humu anajua mishipa kuliko mimi. Mimi najua tu kwamba klipu haikai pale.

Sista_wa_Kasulu
Nimefika mzee, nilikuwa zamu ya usiku.

Fundi, pole. Kaka Mkali kasema damu. Umekaza kweli, hapo yuko sahihi, ila damu ingekuwa ndiyo tatizo mguu mzima ungebadilika, ungekuwa wa baridi, rangi imepauka, na ganzi isingechagua sehemu. Wewe ganzi yako imechagua: nje ya ugoko na juu ya unyayo, chini hamna. Hiyo ni njia ya mshipa mmoja wa fahamu. Unatoka nyuma ya goti, unazunguka kwa nje chini kidogo ya kile kinundu ulichokigusa, ndipo unashuka. Pale unapozunguka hauna nyama ya kuufunika, ni ngozi, mshipa, mfupa. Ukiweka klipu ya plastiki hapo juu na mkanda unaivuta siku nzima, unaubana kwenye mfupa.

Sasa fanya kitu hiki ukiwa umevua pedi. Simama, inua vidole vya miguu, tembea kwa visigino hatua kumi. Kama mguu wa kushoto unashindwa kuinua vidole, au unyayo unapiga chini "pa" kila hatua, usingoje ushauri wa humu, nenda hospitali ya Maweni wakakuone. Kama unatembea sawa na ganzi inaisha ukivua, bado tuko kwenye hatua ya kurekebisha.

Na niulize, unakaaje ukiwa chini? Wima, au umekalia visigino?

Fundi_Gungu
Nimetembea kwa visigino hapa saitini, saidia fundi wangu kanicheka sana, lakini naweza. Miguu yote inainuka.

Dada, nakaa vyote. Nikipaka gundi nakuwa wima, nikiweka kigae na kugonga na nyundo ya mpira nakalia visigino.

Sista_wa_Kasulu
Nashukuru vidole vinainuka. Nimeuliza kwa sababu kukalia visigino au kuchuchumaa muda mrefu kunaweza kuubana mshipa huohuo bila mkanda wowote. Watu wa kuvuna mashambani tunawapokea hivyo, na pedi hawajawahi kuiona. Kwa hiyo usinunue kitu kabla hujajua ni kipi kati ya viwili. Siku moja fungua mkanda wa chini wa mguu wa kushoto kabisa, fanya kazi kama kawaida yako. Ganzi isipokuja, mkanda ndiye mwizi. Ikija vilevile, ni mkao.

Mkali_wa_Grauti
Sawa dada, mimi si daktari, nimekubali. Ila kwenye jeli sijakubali. Hiyo milimita 11 ndiyo nilichokuwa nasema. Ngumu haibonyei, mwaka wa pili huu.

Mzee_Pimamaji
Mkali, kombe halibonyei, kweli. Ila goti lako haligusi kombe, linagusa sponji iliyo nyuma yake. Geuza pedi yako uipime ndani kama alivyopima mwenzio, utuletee namba.

Ngumu ina kazi yake. Nikiwa nagonga sakafu ya zamani, vipande vimetapakaa kila mahali, sivai laini hata unilipe. Kipande cha kigae kinapenya mpira na sponji kama msumari. Kwenye jamvi la zege lenye kokoto, ngumu inateleza, laini inakwanguka uso wake ndani ya mwezi. Lakini ukishaanza kutandika vigae vinavyong'aa, kombe la plastiki linabeba mchanga chini yake. Wewe unageuka kuchukua kigae, huku chini umepiga msasa kwenye kazi ya jana.

Mkali_wa_Grauti
Sijawahi kukwaruza kigae cha mtu. Unafagia kwanza. Mchanga ni uvivu.

Nimepima. Sponji ya ndani ni milimita 9. Lakini sijui ilianza na ngapi, kwa hiyo hiyo namba haina maana 😅

Niru_ya_Ipuli
Samahani naingilia, mimi sijawahi kuweka kigae, napiga niru. Ila hili la sponji niwape kisa changu. Mwaka juzi nilikuwa nalainisha niru ya ukumbi, nimevaa zile za sponji nyepesi zisizo na uso, kama soksi ya goti. Uji wa simenti ukaingia kwenye sponji mapema tu. Sikusikia chochote, baridi fulani hivi, nikaona raha kwa joto lile la Oktoba. Nikaendelea mpaka jioni. Usiku magoti yakaanza kuwaka kama nimepakwa pilipili. Asubuhi ngozi imekuwa ya kahawia, imekakamaa, pande mbili. Wiki tano sijapiga goti, hata kanisani nilisali nimesimama.

Sasa swali langu, jeli inanyonya?

Sista_wa_Kasulu
Pole sana kaka. Hiyo simenti mbichi inaunguza taratibu, na haiumi mwanzoni, ndiyo hila yake. Sponji imeishikilia kwenye ngozi siku nzima kama bandeji. Ukiona kimiminika kimeingia tu, vua pedi na suruali, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka, muda mrefu, dakika ishirini usione nyingi. Usisubiri kusikia maumivu.

Mzee_Pimamaji
Jeli yenyewe hainyonyi, kinachonyonya ni kitambaa na sponji yake. Chukua pedi, dondoshea maji ndani na nje. Yakibaki juu kama tone kwenye jani la mgomba, hiyo inafaa kwa niru. Yakizama, iachie wa vigae vikavu.

Gungu, turudi kwako. Navyofunga mimi ni hivi. Pedi usiifunge ukiwa umesimama. Ukisimama paja na kigimbi vimenyooka, ukipiga goti nyama inajaa, na mkanda uliokuwa sawa unageuka kamba ya mbuzi. Kwa hiyo piga goti kwanza, kunja kabisa kama unakaa kwenye visigino, ndipo ufunge. Vidole viwili vipite chini ya mkanda ukiwa umekunja hivyo.

Mkanda wa juu ndio unaobeba pedi isishuke, huo ukae juu ya goti, pale paja linapoanza kunenepa. Wa chini kazi yake ni kuzuia pedi isigeuke pembeni tu, hauhitaji nguvu. Ushushe upite kwenye mnofu wa kigimbi, chini ya kinundu kwa upana wa vidole vitatu au vinne, na klipu uisogeze mbele au ndani ya mguu. Mikanda isikutane nyuma ya goti. Zile za kupishana kama msalaba nyuma ya goti mimi sivai, ukikunja zinafinya nyama mpaka unatoka alama.

Jambo la mwisho, watu wanaweka katikati ya pedi juu ya pia ya goti kwa sababu ndiyo inayoonekana. Piga goti wima uguse ni wapi hasa pamebeba. Utakuta ni chini ya pia, pale pana uvimbe wa mfupa juu ya ugoko. Ukiinama mbele ndipo pia inagusa. Kwa hiyo pedi ikae chini kidogo kuliko unavyofikiri. Pengine ndiyo maana unasema zinashuka: zinakwenda zinakotakiwa, wewe unazirudisha juu na kukaza.

Ngoja_Waje
Mzee hapo mwisho umenimaliza. Nami mke wangu anasugua sakafu za watu, nampelekea huu uzi.

Fundi_Gungu
Mrejesho wa siku nne.

Siku ya kwanza nilifungua mkanda wa chini kushoto kama dada alivyosema. Pedi ilizungukazunguka, kero tupu, lakini mpaka saa nane ganzi hamna. Siku ya pili nikafunga alivyosema mzee, nimepiga goti, klipu nimeisogeza ndani, mkanda kwenye kigimbi. Ganzi hamna siku nzima. Siku ya tatu vilevile. Kwa hiyo mwizi tumemkamata, alikuwa klipu.

Goti kuisikia sakafu, hilo bado lipo, na nimeelewa kwamba hakuna mkanda wa kufufua milimita 11. Nimekata kipande cha ndala nene nikaingiza nyuma ya jeli kushoto. Inasaidia kidogo, ila sasa goti limeinuka kuliko la kulia na mgongo umeanza kulalamika.

Mzee_Pimamaji
Toa ndala au weka pande zote mbili. Fundi wa pimamaji halafu magoti yako hayako levo?

Mpaka upate pedi nyingine, tafuta kipande cha plaiwudi sentimita 40 kwa 60, gundisha juu yake povu gumu, lile la mikeka ya mazoezi, milimita 20. Hicho unakisogeza kwa mkono. Kinabeba magoti yote mawili levo moja.

Na hizo saa kumi na moja za kazi kwa siku, nakuonea huruma lakini pedi haziwezi kuzipunguza. Pedi inaokoa ngozi na mfupa wa mbele. Goti likikunjwa kabisa, ndani linasagana vilevile, uwe na jeli ya elfu 38 au ya laki tatu. Mimi nafanya safu moja ya vigae, nasimama, nachanganya gundi mwenyewe. Vijana wananiuliza kwa nini nisimwachie saidia fundi. Kuchanganya ndiko kupumzika kwangu. Na kukata nakata nimesimama, mashine naiweka juu ya meza, haikai chini.

Mkali_wa_Grauti
Mzee ukisimama kila safu mita utamaliza lini? Sisi tunalipwa kwa mita.

Mzee_Pimamaji
Nasimama dakika mbili au tatu. Hesabu wewe.

Mkali_wa_Grauti
Nimehesabu. Kwa chumba cha mita 16 napoteza kama dakika ishirini. Kwa mwezi hiyo ni hela.

Fundi_Gungu
Mzee, Sista, nimerudi tena. Jana niliingia bafuni, mita moja na nusu kwa mbili, nikavua pedi kabisa kwa sababu hakuna pa kupiga magoti, nikachuchumaa kuanzia chakula cha mchana mpaka jioni. Ganzi ikarudi, mguu uleule wa kushoto, pedi sina.

Sista_wa_Kasulu
Basi ni wale wawili niliokuambia, na mshipa uliobanwa wiki mbili haujapona ndani ya siku nne, unashtuka haraka. Usichuchumae zaidi ya dakika chache kwa sasa. Rudia kutembea kwa visigino kila jioni. Siku vidole vikigoma kuinuka, au ganzi ikilala nawe mpaka asubuhi, njia ni ileile ya Maweni.

Mzee_Pimamaji
Bafuni kalia ndoo ya rangi ya lita kumi, iliyofunikwa. Anzia kona ya mbali urudi nyuma kuelekea mlangoni, na pembe ya mlangoni piga magoti ukiwa nje, kwenye ile plaiwudi. Bafu la ukubwa huo robo yake nzima unaweza kuifanyia koridoni.

Fundi_Gungu
Ndoo ninayo. Koridoni nako kuna kigae cha jana, gundi haijakauka. Plaiwudi naiweka juu yake au nisubiri kesho?

Mzee_Pimamaji
Subiri kesho. Saa 24 zitimie.

Boda_Mwandiga
Za pikipiki nimeshusha, elfu 15.